Nani Kasema Jiwe Haliyeyuki?

Kila mwaka vijana wa sayansi wa kidato cha tano na cha sita hukariri kanuni tatu kuhusu msawazo wa mimenyuko ya kikemia. Ukigeuza mmenyuko, pindua K yake. Ukizidisha mlinganyo kwa namba, ipandishe K kwa kipeo cha namba hiyo. Ukijumlisha milinganyo, zidisha K zake. Wanajibu swali moja la mtihani, wanapata alama zao, na kanuni zinabaki kwenye daftari. Lakini ipo kauli nyingine waliyofundishwa mapema zaidi, nayo hawaisahau maishani: kabonati haziyeyuki katika maji, isipokuwa za sodiamu, potasiamu na amonia. Ushahidi wake umo kwenye jedwali, kwamba K ya kuyeyuka kwa kalsiamu kabonati ni 3.3 × 10⁻⁹. Namba ikiwa ndogo kiasi hicho, wanasema, hakuna kinachotokea.

Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoelewa, na wengi wetu ndivyo tunavyofundisha: kanuni tatu ni za mtihani, jedwali ndilo linalosema ukweli wa dunia. Mimi napinga. Namba moja ya jedwali haijawahi kuhukumu chochote peke yake. Hukumu hutoka kwenye mmenyuko mzima unaotokea mahali fulani, na mmenyuko mzima karibu kila mara haumo kwenye jedwali. Lazima uuunge mwenyewe, na kanuni zile tatu ndizo za kuungia.

Mahali ninapopataja ni Gando, Wilaya ya Wete, Kaskazini Pemba. Baharini mbele yake vipo visiwa vya Njao na Fundo, na visiwa hivyo ni miamba ya matumbawe ya kale iliyoinuka juu ya maji. Jiwe hilo karibu lote ni kalsiamu kabonati. Ndilo lililovunjwa na kuchomwa kuwa chokaa pwani yetu yote, na ndilo lililojenga misikiti na makaburi ambayo magofu yake yapo Ras Mkumbuu, upande huu huu wa magharibi wa Pemba. Popote kisima kinapopita kwenye jiwe hili, birika la chai linashika ukoko mweupe ndani. Ukoko huo ni kalsiamu kabonati. Sasa mwenye jedwali anieleze: jiwe lisiloyeyuka limefikaje ndani ya birika?

Kabla ya kulijibu hilo, nimalizane na dhana kwamba kanuni ni tatu na ni za kukariri. Kanuni ni moja tu. K ni uwiano: juu unaweka mikolezo ya vitu vinavyotoka, kila mmoja umepandishwa kwa idadi yake kwenye mlinganyo, ukiizidisha pamoja, chini unaweka vinavyoingia kwa namna hiyo hiyo. Yabisi safi na maji yenyewe huandikwa moja. Wanorwei Guldberg na Waage waliiweka kanuni hiyo mwaka 1864, na yote mengine yamo ndani yake. Ukiugeuza mmenyuko, vilivyokuwa juu vimekwenda chini, basi uwiano umepinduka wenyewe. Ukiandika kila kitu mara mbili, kila mkolezo umepata kipeo cha pili, basi K nzima imejizidisha yenyewe. Ukijumlisha milinganyo miwili na kitu kimoja kikatoka kwenye wa kwanza na kuingia kwenye wa pili, basi ukizizidisha K zake kitu hicho kitakuwepo juu na chini, na kitakatika. Hakuna cha kukariri hapo. Anayekariri bila kuandika uwiano ndiye anayesahau kipeo, na nitaonyesha hasara yake.

Wapo wanaouliza kwa nini K zizidishwe ilhali joto la mimenyuko hujumlishwa, kama Hess alivyoonyesha mwaka 1840. Ni swali zuri, na wanafunzi wengi huchanganya hapo. Kinachojumlishwa sambamba na joto ni logi ya K, na kujumlisha logi ni kuzidisha namba zenyewe. Ndiyo maana majedwali mengi huandika 8.48, 6.35 na 10.33 badala ya namba ndefu: hizo ni logi zenye ishara iliyogeuzwa, na hizo ndizo halali kuzijumlisha na kuzitoa.

Turudi kisimani. Maji ya mvua hayafiki kwenye jiwe yakiwa matupu. Yanapita kwenye udongo, na humo mizizi inapumua na majani yanaoza, kwa hiyo hewa iliyo ndani ya udongo ina hewa ukaa nyingi kuliko hewa ya nje, mara kumi kadhaa hata zaidi. Maji yanaibeba hewa ukaa hiyo hadi kwenye jiwe. Huo ndio mmenyuko unaotokea Gando, nao una sehemu tatu, zote kwa nyuzi 25 za selsiasi:

```
(1) CaCO₃ ⇌ Ca²⁺ + CO₃²⁻        K = 3.3 × 10⁻⁹
(2) CO₂ + H₂O ⇌ H⁺ + HCO₃⁻      K = 4.5 × 10⁻⁷
(3) HCO₃⁻ ⇌ H⁺ + CO₃²⁻          K = 4.7 × 10⁻¹¹
```

Tazama namba hizo. Zote tatu ni ndogo mno. Mwenye kusoma jedwali kwa macho tu atasema kwamba jiwe haliyeyuki, hewa ukaa haitoi asidi ya maana, na bikabonati haivunjiki. Mambo matatu yasiyotokea, basi yakikutana yatazidi kutotokea. Hapo ndipo kosa lilipo. Wa tatu hautokei kwa uelekeo ulioandikwa. Kabonati inayotoka kwenye jiwe inakutana na ayoni ya haidrojeni inayotoka kwenye hewa ukaa, nazo zinaungana kuwa bikabonati. Mmenyuko wa tatu unakwenda kinyume, na K yake inapinduka kutoka 4.7 × 10⁻¹¹ kuwa zaidi ya bilioni ishirini. Ule udogo uliopita wote, ukigeuzwa, ndio nguvu inayolivuta jiwe majini.

Jumlisha wa kwanza na wa pili na wa tatu uliogeuzwa. Haidrojeni inakatika, kabonati inakatika, na kinachobaki ni hiki:

```
CaCO₃ + CO₂ + H₂O ⇌ Ca²⁺ + 2 HCO₃⁻
K = (3.3 × 10⁻⁹)(4.5 × 10⁻⁷) / (4.7 × 10⁻¹¹) = 3.2 × 10⁻⁵
```

Najua pingamizi litakalofuata, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: hata hiyo bado ni ndogo kuliko moja, kwa hiyo jiwe bado haliyeyuki. Anayesema hivyo analinganisha namba za maumbo tofauti. K ya mmenyuko wa kwanza ni zao la mikolezo miwili. K ya mmenyuko mzima ina mikolezo mitatu juu na mmoja chini. Hazilinganishwi kwa macho. Unatakiwa utafute kiasi kinachoyeyuka, ndipo ulinganishe viasi.

Tufanye hivyo. Kama hewa ukaa ya hewani ina shinikizo P, kwa kipimo cha angahewa, mkolezo wake majini ni 0.034 mara P. Huo nao ni msawazo, na ukiuunganisha na ule wa juu K inakuwa 1.1 × 10⁻⁶. Jiwe likiyeyuka kiasi s, kalsiamu ni s na bikabonati ni mara mbili ya s, hivyo uwiano wetu unasema kwamba 4s³ ni sawa na K mara P. Hewa ya nje ina P ya 0.00042 hivi, hapo s inatoka 0.00048, yaani miligramu 48 za jiwe kwa lita. Ndani ya udongo chukua P ya 0.02, ambayo ni ya kawaida kwenye udongo wenye mimea mingi. S inapanda hadi karibu 0.00175, nayo ni miligramu 175 kwa lita. Maji ya kiasi hicho tayari huhesabiwa magumu.

Sasa chukua ile K ya jedwali peke yake kama tunavyowafundisha watoto: kipeuo cha pili cha 3.3 × 10⁻⁹, kinachotoa miligramu 5.7 kwa lita. Haifiki hata kile kinachopimwa kwenye maji yaliyoondolewa hewa ukaa yote, ambacho ni miligramu 13 hivi, kwa sababu hata maji yenyewe huichukua sehemu ya kabonati na kuigeuza bikabonati. Na kwa kisima kilichopita kwenye udongo, tumekosea mara thelathini. Huo si ukweli uliorahisishwa kwa ajili ya watoto. Ni jibu lisilo sahihi kuhusu maji wanayokunywa.

Na ukoko wa birika? Ni mmenyuko ule ule uliogeuzwa. Maji yakichemka hewa ukaa inatoka na mvuke, na kalsiamu na bikabonati zinarudi kuwa jiwe. K iliyopinduliwa ni zaidi ya elfu thelathini. Mara moja tu nitaje tahadhari hapa, kwamba namba hiyo ni ya nyuzi 25 na birika linachemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo usiitumie kukadiria uzito wa ukoko. Uelekeo unabaki ule ule, tena kuyeyuka kwa jiwe hili hupungua maji yanavyozidi kuwa ya moto.

Kesi ya pili ni ya mafundi, na humu dhana iliyozoeleka imeenea hadi nje ya skuli. Muulize mtu yeyote kwa nini lipu ya chokaa inakuwa ngumu. Atakujibu kwamba imekauka. Hata vitabu vya ujenzi vinavyopaswa kujua zaidi huandika hivyo. Lakini gramu 74 za chokaa iliyozimwa kwa maji zikishakuwa ngumu kabisa ukutani huwa gramu 100. Kitu kinachokauka hupungua uzito, hiki kimeongezeka. Na rojo la chokaa likifunikwa na maji ndani ya shimo hukaa laini kwa miaka, kwa kuwa hewa hailifikii. Kinachotokea ukutani ni kwamba chokaa inachukua hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe lile lile lililotiwa tanurini, huku ikitoa maji:

```
Ca(OH)₂ + CO₂ ⇌ CaCO₃ + H₂O
```

Mmenyuko huu nao haumo kwenye jedwali la skuli. Tuuunge. Tunahitaji kuyeyuka kwa chokaa iliyozimwa, K yake 5.0 × 10⁻⁶, kunakotoa kalsiamu moja na haidroksidi mbili. Tunahitaji mmenyuko wa kwanza wa hapo juu, umegeuzwa, maana sasa jiwe linajengeka. Tunahitaji wa pili na wa tatu kama ilivyo, kwa sababu hewa ukaa inatakiwa ifike hadi kuwa kabonati, na njiani inaacha haidrojeni mbili. Haidrojeni hizo mbili na haidroksidi zile mbili zinaungana kuwa maji, na hapa ndipo penye mtego.

K ya maji kuvunjika kuwa haidrojeni na haidroksidi ni 1.0 × 10⁻¹⁴. Ukigeuza, kuungana kwake kuna K ya 10¹⁴. Lakini hapa maji yanaundwa mara mbili. Mlinganyo umezidishwa kwa mbili, kwa hiyo K inapanda kwa kipeo cha pili na kuwa 10²⁸. Zidisha vyote:

```
K = (5.0 × 10⁻⁶)(4.5 × 10⁻⁷)(4.7 × 10⁻¹¹)(10²⁸) / (3.3 × 10⁻⁹)
  = 3.2 × 10¹⁴
```

Aliyekariri bila kuandika uwiano atatumia 10¹⁴ mara moja tu, au ataizidisha kwa mbili kwa kuwa amesikia neno «zidisha». Akitumia mara moja, jibu lake ni 3.2. Ametofautiana na ukweli kwa tarakimu kumi na nne, na karatasi yake haimwonyeshi dosari yoyote, maana 3.2 ni namba inayoonekana ya kawaida kabisa. Wanaosema kanuni hizi ni hesabu tu hunijibu kwamba basi mwanafunzi awe makini zaidi. Umakini hautoshi kama hana cha kuulizia jibu lake. Na cha kuulizia kipo ukutani.

Unganisha tena ule msawazo wa hewa ukaa kuingia majini, ile 0.034, ili mmenyuko uanze na hewa yenyewe. Jibu sahihi linakuwa 1.1 × 10¹³. Kwa kuwa chokaa, jiwe na maji vyote vinaandikwa moja, kinachobaki kwenye uwiano ni shinikizo la hewa ukaa tu, likiwa chini. Chokaa itakuwa na msawazo na jiwe pale hewa ukaa inapokuwa moja ya kumi trilioni ya angahewa. Hewa yetu ina nyingi kupita hiyo mara bilioni kadhaa, kwa hiyo chokaa yenye unyevu inayofikiwa na hewa haiwezi kubaki chokaa. Sasa uliza jibu la aliyesahau kipeo: 3.2 mara 0.034 ni karibu 0.11, na msawazo wake unadai hewa ukaa yenye shinikizo la angahewa tisa. Katika dunia ya jibu hilo, hakuna lipu ya chokaa ambayo ingekuwa ngumu mahali popote pwani hii, na kuta za Ras Mkumbuu zisingesimama mvua ya kwanza. Hivyo ndivyo unavyojua umekosea. Huhitaji kitabu cha majibu.

Kuna pingamizi moja ambalo nalipokea kwa heshima, kwa sababu ni la watu wanaojua kazi. Wanasema K hiyo kubwa haimwambii fundi lini lipu itakuwa tayari. Ni kweli. K haijui wakati. Hewa ukaa inaingia kutoka usoni kwenda ndani, na kila tabaka linalogeuka jiwe linazidi kuizuia, kwa hiyo ukuta mnene unaweza kukaa miaka mingi ukiwa na chokaa laini katikati. Tena lipu iliyokauka kabisa inasimama, kwa kuwa mmenyuko wetu unapita majini. Ndiyo sababu fundi mzuri hunyunyizia lipu mpya maji siku za jua kali, jambo ambalo nadharia ya «kukauka» haiwezi kulieleza hata kidogo. K inakwambia kinachoelekea kutokea. Lini, ni swali la vipimo vingine.

Mpaka mwingine ni mkali zaidi, na huo wapinzani wangu hawautaji, ingawa ndio unaowaangusha. K mbili haziunganishwi kama si za hali moja. Tanuri la chokaa hufanya kazi karibu na nyuzi 900, ambapo hewa ukaa inayotoka kwenye jiwe hufikia angahewa moja nzima. Kwa nyuzi 25 namba hiyo hiyo ni ndogo hata kuliko moja ya bilioni ya trilioni. Ukichukua K ya tanuri moto na kuizidisha na K ya lipu iliyopoa ukutani, umepata namba isiyohusu mahali popote. Vivyo hivyo kwa maji ya bahari. Wapimaji wa bahari huandika K ya kuyeyuka kwa jiwe hili ndani ya maji ya chumvi kuwa 4.3 × 10⁻⁷, mara 130 ya ile ya maji baridi, kwa sababu chumvi inazishika ayoni na kuzipunguzia nguvu, na wao huhesabu mikolezo yote pamoja na hiyo iliyoshikwa. Kwenye kisima cha pwani kilichoanza kuingiwa na chumvi, kama utachukua namba moja kutoka jedwali la bahari na mbili kutoka kitabu cha skuli, kanuni zote tatu utakuwa umezifuata vizuri na jibu litakuwa bovu. Chukua zote kutoka jedwali moja.

Mwisho kuna wale wanaosema kwamba, hata wakikubali yote haya, kanuni hizi zinafaa pale tu namba zinapotofautiana sana. K ikikaribia moja, wanafundisha, basi vitu vitagawana nusu kwa nusu na hakuna cha kuongeza. Jiwe la Fundo linawakatalia. Matumbawe hai hujenga mifupa yake kwa aragonaiti, umbo la kalsiamu kabonati ambalo K yake ya kuyeyuka ni 4.6 × 10⁻⁹. Umbo jingine ni kalsaiti, lile lenye 3.3 × 10⁻⁹ tulilolitumia muda wote. Andika kuyeyuka kwa aragonaiti, geuza kuyeyuka kwa kalsaiti, jumlisha. Ayoni zote zinakatika, na K ya aragonaiti kugeuka kalsaiti ni 4.6 gawanya kwa 3.3, yaani 1.4.

Ni namba inayokaribia moja kabisa. Lakini tazama uwiano wake: juu kuna yabisi, chini kuna yabisi, na yabisi huandikwa moja. Hakuna mkolezo wowote uliobaki wa kupanda au kushuka hadi ufike 1.4, kwa hiyo mmenyuko huu hauna mahali pa kusimama katikati. Maji yaliyoshiba aragonaiti yamezidi kushiba kalsaiti kwa sehemu 40 kwa 100, hivyo yanaendelea kuyeyusha moja na kujenga nyingine mpaka ya kwanza iishe. Ndiyo sababu matumbawe yaliyo chini ya maji leo ni aragonaiti, na mwamba wa kale ulioinuka na kunyeshewa na mvua kwa maelfu mengi ya miaka sehemu kubwa yake imekwisha kuwa kalsaiti.